Mashine ya kufulia ya kilo ngapi? Ipange kwa nguo zako, usiipange kwa ukubwa wa familia

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo, muuzaji atakuuliza mko wangapi nyumbani. Watu watano? Atakuonyesha ya kilo 7. Kwa miaka mitatu niliamini hesabu hiyo, mpaka dera langu la pili lilipochanika kwapani ilhali uzi wa cherehani ulikuwa mzima. Kitambaa chenyewe ndicho kilichokuwa kimeachia.

Kilo zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu za pamba, kwa programu ya pamba tu. Fungua kitabu cha maelekezo, utakuta jedwali. Mashine nyingi za kilo 7 zinaruhusu kilo 3 hadi 3.5 za nguo za poliesta au mchanganyiko, na kilo 2 au chini ya hapo kwa nguo laini. Mwombe muuzaji akuonyeshe jedwali hilo kabla hujalipa.

Sababu yake iko ndani ya pipa. Mashine ya mlango wa mbele hufua kwa kuinua nguo na kuziangusha kwenye maji, na uchafu hutolewa na ule mwanguko. Pipa likijaa, nguo hazina pa kuangukia. Zinazunguka zikiwa zimebanana na kusuguana, kitambaa kwa kitambaa, kwa saa nzima. Sabuni haipenyi katikati wala haitoki vizuri wakati wa kusuuza, ndiyo maana unakuta michirizi myeupe kwenye baibui jeusi.

Kila kitambaa huumia kwa namna yake. Pamba hustahimili, kwa sababu ikilowa huwa imara zaidi kuliko ikiwa kavu. Kanga na mashuka yatapoteza vumbi la nyuzi, lile unalolikuta kwenye kichujio, na yatapungua unene polepole. Jinzi ni pamba pia, ila rangi yake ya bluu imekaa juujuu ya uzi na katikati uzi ni mweupe. Ikikunjwa na kubanwa, ukingo wa kila mkunjo unasuguliwa peke yake, na hapo ndipo inapotokea ile mistari myeupe ya mapajani ambayo haiondoki tena.

Sare za shule mara nyingi ni poliesta na pamba. Msuguano huvuta ncha za nyuzi nje, zinajiviringa kuwa vipele. Kwenye pamba tupu vipele vingi hukatika na kuondoka na maji. Kwenye mchanganyiko, poliesta ni ngumu kukatika, kwa hiyo inavishikilia palepale kwenye kola na makwapa.

Anayeumia kuliko wote ni rayoni, yaani yale madera laini yanayoteremka vizuri mwilini. Rayoni ikilowa inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kuifua pamoja na jinzi ndani ya pipa lililojaa ni kuisugua kwa zipu na vifungo vya chuma wakati ambao haina nguvu.

Na mikunjo? Maji hulegeza mishiko midogo iliyomo ndani ya uzi wa pamba na rayoni. Maji yakitoka, mishiko inajifunga upya katika umbo lolote ambalo nguo imelikuta. Nguo iliyobanwa ikiwa imekunjika, kisha ikakamuliwa kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, inatoka na mkunjo ambao pasi peke yake haiuwezi, lazima unyunyize maji. Poliesta inakunjamana kwa sababu ya joto: ikifuliwa kwa maji ya moto ikiwa imebanana, halafu ikapoa ghafla, mkunjo unaganda. Kwa nguo hizo nyuzi joto 30 au 40 zinatosha.

Nilipima fungu letu la Jumamosi kwa mizani ya kupimia watu: unapanda na furushi, unapanda bila furushi, unatoa. Jinzi 3 zilikuwa kilo 2.1, taulo 4 kilo 2.2, sare na madera kilo 1.8, mashuka na kanga kilo 2.9. Mwanzoni nilikuwa nafua jinzi, taulo, sare na madera pamoja. Jumla ni kilo 6.1 kwenye mashine ya kilo 7, kwa hiyo nilidhani niko salama. Ila ndani mlikuwa na rayoni na mchanganyiko, na pipa lilikuwa limejaa hadi juu. Sasa nafua mara tatu: jinzi na taulo kilo 4.3, mashuka na kanga kilo 2.9, sare na madera kilo 1.8 kwa mizunguko 600. Pasi ya sare imepungua mno, na vipele vipya sijaviona kwenye kola.

Kwa hiyo, ningepanga hivi kwa nyumba ya watu wanne hadi sita Dar.

Ya kwanza ni ya mlango wa mbele, kilo 8 au 9, yenye programu ya nguo laini na inayokuruhusu kushusha kasi ya kukamua. Angalia na ujazo wa pipa kwa lita, maana mashine mbili zenye kilo zilezile zinaweza kuwa na mapipa tofauti. Chukua lenye lita nyingi. Sharti lake ni maji yenye msukumo. Tangi lililo mita 3 juu ya mashine linatoa takriban baa 0.3 tu, na baadhi ya mashine zinadai 0.5. Soma kiwango cha chini kwenye kitabu kabla hujanunua, hasa kama maji ya DAWASA kwako huja kwa mgao na unategemea tangi.

Ya pili ni ya mlango wa juu ya kujiendesha, yenye sahani inayozunguka chini, kilo 9 hadi 10. Inatumia maji mengi zaidi, na nguo zikielea vizuri msuguano hupungua. Lakini ukipunguza maji au ukaongeza nguo, sahani inazisokota kama kamba. Madera yaingie kwenye mfuko wa wavu.

Ya tatu ni ya matangi mawili. Kwa nyumba isiyo na bomba ndani naiweka ya kwanza, kwa sababu unaijaza kwa ndoo na dakika unazichagua mwenyewe. Madera nayapa dakika 4, jinzi 12. Kumbuka tangi la kukamulia hubeba kilo chache kuliko la kufulia, na nguo zikipangwa vibaya humo linaruka na kugonga.

Ya mlango wa mbele ya kilo 6 ningeiacha kwa mtu anayeishi peke yake, hata ikiwa bei yake inavutia.

Mashine ikifika nyumbani, kipimo ni macho na mkono. Kwa pamba, kiganja kiweze kupita kati ya nguo na dari ya pipa bila kusukuma. Kwa sare, nusu ya pipa. Kwa madera, theluthi, yakiwa yamegeuzwa ndani nje.