Spidomita Inadanganya Baada ya Kubadilisha Sproketi? Nimefunga Kisanduku cha Kusahihisha, Hiki Ndicho Nilichokiona

Habari zenu ndugu zangu. Pikipiki mnayoiona hapa nyuma yangu ni Suzuki V-Strom 650 ya kizazi cha kwanza, zile za 2004 hadi 2011. Kiwandani ilitoka na sproketi ya mbele ya meno 15, ya nyuma meno 47, na tairi la nyuma la 150/70-17. Sasa hivi mbele ina meno 14 na nyuma nimevaa tairi la vishindo la 140/80-17, kwa sababu mimi njia zangu ni za vumbi na mizigo, na kwa gia ya kwanza ya kiwandani nilikuwa napanda mlima huku klachi inanuka.

Mlimani inapanda vizuri. Ila siku ya kwanza kwenye lami mshale ulinionyesha 89, na rafiki yangu aliyekuwa nyuma na gari akapiga honi kama mtu aliyechoshwa. Tuliposimama akaniuliza, "Kaka, leo tunasindikiza msiba?" Simu yangu, kwa GPS, ilikuwa inasema 80.

Kwa hiyo leo tunachambua hiki kidude hapa mkononi. Ni kisanduku kidogo, kinakaa katikati ya sensa ya spidi na dashibodi, kinapokea mapigo kutoka kwenye sensa, kinayaongeza au kuyapunguza kwa asilimia uliyoiweka, halafu kinayapeleka mbele. Vinavyojulikana zaidi ni SpeedoHealer, vya HealTech ya Hungaria. Hiki changu ni cha aina hiyohiyo lakini cha bei ya chini, na hakuna aliyenilipa kukisifu.

Kabla hujatoa hela, jiulize spidi yako inasomwa wapi. Kama una Boksa ya bodaboda yenye ule waya mnene unaoshuka kwenye tairi la mbele, zima video hii, nenda kazini. Spidomita yako inahesabu mizunguko ya tairi la mbele tu. Badilisha sproketi hata mara kumi, mshale hautajua. Kawasaki KLR 650 za zamani ziko hivyohivyo. Kitakachokusumbua ni ukibadilisha tairi la mbele lenyewe, au ule waya ukichakaa, na hapo utaona mshale unachezacheza.

V-Strom hii ni tofauti. Sogea hapa karibu na kamera. Nimefungua mfuniko wa sproketi ya mbele. Unaona sensa hii nyeusi? Inasoma mzunguko wa sproketi ya mbele. Haijui tairi lina ukubwa gani, wala nyuma kuna meno mangapi. Inahesabu mizunguko ya shafti, na kompyuta ya dashibodi inazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani ikiamini kila kitu bado ni cha kiwandani. Ukiwa na 15 kwa 47, sproketi ya mbele inazunguka mara 3.13 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Ukiweka 14, inazunguka mara 3.36. Barabara ni ileile, mizunguko imeongezeka, dashibodi inadhani umekimbia zaidi.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanakosea, mimi nikiwa wa kwanza.

Sproketi kwanza: 15 gawanya kwa 14 ni 1.071. Kwa hiyo usomaji umepanda kwa asilimia 7.1. Tairi nalo: chukua rimu, inchi 17 mara 25.4, ni milimita 431.8. Ongeza ukuta wa tairi mara mbili. La zamani, 150 kwa asilimia 70 ni 105, mara mbili 210, jumla kipenyo ni 641.8. Jipya, 140 kwa asilimia 80 ni 112, mara mbili 224, jumla 655.8. Tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 2.2, na tairi kubwa linashusha usomaji, maana kila mzunguko sasa unameza barabara zaidi. Mambo mawili yanavutana. Gawanya 1.071 kwa 1.022, unapata karibu 1.048. Pikipiki yangu inasoma juu kwa asilimia 4.8 kuliko ilivyokuwa inasoma ikiwa ya kiwandani.

Mtu anaona 4.8, anabonyeza kutoa 4.8. Hapana. Kisanduku kinataka asilimia ya mapigo yanayoingia sasa hivi, ambayo tayari yamevimba. Unagawanya 1 kwa 1.048, inakuja 0.954, yaani unatoa asilimia 4.6. Kwa tofauti ndogo kama hii hutaona kitu, lakini mtu aliyebadilisha meno matatu au manne ataona.

Mimi kosa langu lilikuwa la aibu zaidi: niliweka kujumlisha badala ya kutoa. Nikatoka getini, nikaona nakimbia 60 huku watoto wa shule wananipita kwa baiskeli. Sawa, natia chumvi, lakini si sana.

Kufunga kwenyewe ni dakika ishirini. Sensa za aina hii huwa na nyaya tatu: umeme, ardhi na ishara. Ukinunua chenye plagi za pikipiki yako, unachomoa plagi ya sensa, unachomeka kisanduku katikati, basi. Changu hakikuja na plagi sahihi, ikabidi nikate na kuunga kwa risasi. Hapo naondoa alama. Ukikata, funga muungano kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, kwa sababu pale chini ya tenki maji ya kuoshea pikipiki yanafika. Muungano ukilegea hutaona spidi ikikosea kidogo kidogo. Utaona inaruka kutoka 70 hadi sifuri na kurudi. Sensa ya mapigo ndiyo tabia yake: ama inahesabu ama haihesabu. Kwa hiyo mshale ukirukaruka, tafuta waya au uchafu wa cheni kwenye sensa, usianze kuchezea asilimia.

Sasa matokeo. Baada ya kutoa 4.6, nikiwa na 80 ya GPS, dashibodi ikasema 85. Najua mnachosema huko: "Mbona bado inadanganya? Kidude kibovu!"

Kidude si kibovu. 85 ndiyo pikipiki ilikuwa inanionyesha siku naichukua, na sproketi na tairi za kiwandani. Watengenezaji wanafanya hivyo kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inasema spidomita isionyeshe kamwe chini ya mwendo halisi, lakini inaruhusu ionyeshe juu, hadi asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Kwa 80 halisi, hata ikisema 92 inapita. Mtengenezaji anajua mteja atabadilisha tairi, kwa hiyo anajiachia nafasi upande wa usalama.

Lakini kihesabu kilomita hakijadanganywa hivyo. Hili ndilo lililonifanya nirekodi video nzima. Nilitembea kilomita 20 kwa GPS kwenye barabara iliyonyooka. Kabla ya kisanduku, kihesabu kilisoma 21. Baada ya kutoa 4.6, kilisoma 20 kamili. Yaani mapigo ni yaleyale, yanalisha mshale na kihesabu, ila dashibodi inaongeza uongo wake kwenye mshale peke yake.

Ukilazimisha mshale ulingane na GPS, unaharibu kihesabu. Nilijaribu. Nikaweka kutoa 10.2, na mshale ukasema 80 kwa 80, nikafurahi kama mjinga. Kilomita 20 zilezile, kihesabu kikasoma 18.8. Mimi nabadilisha oili kila kilomita 6,000. Kwa mpangilio huo, kihesabu kikisema 6,000, pikipiki imetembea karibu 6,380. Na siku nitakapoiuza, mnunuzi atasomewa kilomita pungufu, na hapo nisingekuwa na uso wa kumtazama.

Kuna wenye V-Strom hizi wanaoweka meno 16 mbele, wanasema wamerekebisha spidomita bila kununua chochote. Ni kweli kwa mshale: 15 kwa 16 inashusha usomaji kwa asilimia 6.25, na 85 inakuwa karibu 80. Lakini kihesabu nacho kinashuka kwa asilimia hiyohiyo. Na gia inakuwa ndefu, kwa mwenye mizigo hiyo haifai.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kisanduku kitumie kurudisha ulichobadilisha, kwa kuhesabu meno na vipimo vya tairi, na simu iwe ya kuhakiki kihesabu. Mshale ukionyesha juu kidogo, andika kwa tepu pembeni: 85 ni 80. Mimi ndivyo nilivyofanya, mnaiona hapo. Na askari mwenye tochi kwenye eneo la 50 hatakusumbua kwa mshale unaosoma juu. Kitakachokuingiza matatani ni unaosoma chini.

Mmoja ataniuliza kama hesabu ikikaa sawa leo itakaa sawa mwakani. Haitakaa hivyohivyo. Tairi likitoka milimita 7 za kashata hadi 2, nusu kipenyo kimepungua milimita 5. Kwa tairi la ukubwa huu, ni asilimia 1.5, na usomaji unapanda polepole bila wewe kugusa kitu. Upepo mdogo nao, pamoja na mzigo mzito, unalibana tairi chini na kuusukuma usomaji upande uleule. Ndiyo maana ukipima, pima tairi likiwa na upepo sahihi, asubuhi kabla halijapata moto, na mzigo wako wa kawaida. Sioni haja ya kurudia kuweka asilimia kila tairi likichakaa. Ukivaa jipya la vipimo vilevile, inarudi.

Mpaka mmoja mzito: pikipiki za sasa zenye ABS mara nyingi zinasoma spidi kwenye sensa za matairi. Huko kisanduku cha aina hii kinaweza kuwa hakina pa kuingia, na kuchezea ishara ya ABS mimi sikushauri, hata fundi akikuambia anajua.

Alama zangu: kazi kinaifanya, saba kwa kumi. Moja imeondoka kwa plagi, mbili kwa karatasi ya maelekezo ambayo haisemi popote kwamba mshale na kihesabu vinakula sahani moja. Mwenye aina nyingine ya pikipiki aniandikie hapo chini meno ya mbele, ya nyuma, na saizi ya tairi lake, nimfanyie hesabu.