Siki, soda na chumvi kwenye beseni la kufulia: yaliyonifaa na yaliyonipotezea muda

Nilianza kwa kanga. Kanga mpya, nyekundu na nyeusi, niliifua pamoja na shati jeupe la shule la mwanangu, na shati likatoka na mawingu ya waridi. Shangazi aliniambia, "Mwanangu, kanga mpya haifuliwi hivi hivi, iloweke kwenye maji ya chumvi kwanza, rangi itashika." Nikafanya: ndoo ya lita 10, kikombe kizima cha chumvi, usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa na rangi kidogo tu, nikashukuru. Juma lililofuata nikaifua kwa sabuni, maji yakawa damu kama mwanzo.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba shangazi hakulitoa neno lake hewani. Kiwandani chumvi hutumika kweli wakati wa kutia rangi pamba, kwa sababu husukuma rangi itoke majini ikaingie kwenye nyuzi. Lakini kinachoifunga rangi pale si chumvi. Katika rangi nyingi za pamba ni magadi, muda na joto. Kanga ikishafika dukani kazi hiyo imekwisha, na rangi iliyobaki juu juu haina pa kujishikiza. Chumvi kwenye ndoo yangu iliizuia isitoke usiku ule tu. Kilichonisaidia ni kuifua kanga peke yake kwa maji baridi, mara 4 kwa jumla. Sasa kila nguo mpya naipima: nalowesha kona, naibana na kitambaa cheupe kwa kidole. Kitambaa kikipata rangi, nguo haichanganywi na nyingine.

Chumvi naiheshimu kwa doa la damu bichi tu. Maji baridi, kijiko cha chumvi, sugua taratibu, kisha sabuni. Ukitumia maji ya moto damu inaiva ndani ya nyuzi, na hapo chumvi haikusaidii.

Siki ndiyo iliyonishangaza. Kwetu tunatumia maji ya kisima, magumu, na sabuni ya mche haitoi povu la maana. Kanzu nyeupe ya mume wangu ilikuwa imegeuka kijivu na kukakamaa kama karatasi. Nilidhani ni uchafu, kumbe ni utando: chokaa ya maji imeshikana na sabuni ikaganda kwenye pamba. Nikatia nusu kikombe cha siki nyeupe ya kupikia kwenye lita 10 za maji ya mwisho ya kusuuza, nikaacha dakika 15, nikasuuza tena. Mara ya kwanza ikalainika. Kufikia mara ya tatu ukijivu ulikuwa umepungua sana. Harufu ya siki huisha nguo ikikauka.

Kosa langu moja: siku nyingine niliimimina siki sabuni ikiwa bado ndani ya beseni. Maji yakakatika kama maziwa yaliyochacha, na vipande vya mafuta vikang'ang'ania kola. Asidi huirudisha sabuni ya mche kuwa mafuta. Kwa hiyo siki ni baada ya sabuni kutoka yote. Sufu na hariri huivumilia ikiwa kidogo hivyo, ila nguo zenye lastiki siziwekei, maana raba huchoka mapema. Na siki haikai beseni moja na dawa ya kung'arisha yenye klorini hata tone, kwani hutoa gesi ya sumu. Hapo sina utani.

Soda ya kuokea niliinunua kwa ajili ya jezi za mpira za mwanangu. Zile ni poliesta, nayo hushika mafuta ya jasho kuliko pamba. Zinatoka kambani safi, akizivaa tu kikwapa kinaamka. Nusu kikombe nakiyeyusha kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, maana ukiimwaga kavu inaacha michirizi myeupe kwenye nguo nyeusi, kisha naloweka saa 2. Harufu hupungua kwa sababu soda huzima asidi za jasho. Mafuta yenyewe haiyatoi, kwa hiyo sabuni ya unga inafuata palepale. Usichukue magadi ukidhani ni kitu kimoja: magadi ni makali zaidi sana. Na sufu au hariri siweki kabisa. Nyuzi hizo ni protini kama nywele, na vitu vya aina ya magadi huzikwaruza na kuzitoa mng'ao.

Jirani alinishauri nichanganye siki na soda "zipigane na uchafu". Zilipigana zenyewe kwa zenyewe. Povu lilipanda likafurahisha watoto, ni hewa ya ukaa tu. Moja ni asidi, nyingine huizima, na kilichobaki beseni ni maji yasiyo na kazi ya moja wala ya nyingine.

Kwa sasa chupa ya siki inakaa kando ya bomba, soda iko kabatini hadi siku ya jezi, chumvi imerudi jikoni. Shangazi bado analoweka kanga zake.