Kiti kimoja, wateja wawili: PostgreSQL na Cassandra katika mtihani wa ulinganifu wa data

Habari zenu, watazamaji. Leo ninachambua hifadhidata mbili: PostgreSQL, ambayo ni ya kihusiano, na Cassandra, ambayo ni miongoni mwa zile zinazojulikana kama NoSQL. Sitazishindanisha kwa kasi, kwa sababu vipimo vya kasi hutegemea sana mashine na aina ya kazi. Ninataka kupima jambo moja tu: watu wawili wanapogombea kitu kimoja kwa wakati mmoja, ni nani anayeamua aliyetangulia, na yule aliyechelewa anaambiwa nini?

Mfano wetu ni jedwali la viti. Kiti namba 14 hakijachukuliwa na mtu, na sasa hivi Asha na Juma wanakitaka, kila mmoja kupitia seva yake ya programu.

Tuanze na PostgreSQL. Amri ya kumkatia Asha kiti ni hii mnayoiona kwenye skrini:

```sql
UPDATE viti SET mteja = 'Asha'
WHERE kiti = 14 AND mteja IS NULL;
```

Amri ya Juma ni ileile, ila jina ni lake. Ninaziendesha katika madirisha mawili, kila moja ndani ya muamala wake. Dirisha la Asha linajibu `UPDATE 1`, lakini bado sijaandika `COMMIT`. Tazameni dirisha la Juma: halijibu kitu, limesimama. Asha ameshika kufuli la safu hiyo, na Juma hana budi kusubiri. Sasa ninaandika `COMMIT` upande wa Asha, na papo hapo dirisha la Juma linajibu `UPDATE 0`. Kilichotokea ni kwamba kufuli lilipoachiwa, PostgreSQL iliisoma upya safu ile na kulipima tena sharti la `WHERE`, ikakuta kiti kina mwenyewe. Juma ameambiwa ukweli, na ameambiwa kabla hajalipa. Hayo yamefanyika katika kiwango cha kawaida cha utengano wa miamala, yaani `READ COMMITTED`, bila mipangilio yoyote ya ziada. Huo ndio ulinganifu madhubuti: kuna mahali pamoja ambapo maandiko yote ya safu hii hupita kwa foleni.

Cassandra haina mahali pamoja pa namna hiyo. Nimeiwasha katika nodi tatu, na nimeagiza kila safu iwe na nakala tatu, moja kwa kila nodi. Ombi lolote linaweza kupokelewa na nodi yoyote, nayo huwa mratibu wa ombi hilo: hupeleka andiko kwa nodi zote tatu, kisha husubiri idadi ya majibu uliyoitaka wewe. Ukichagua `ONE`, jibu la nodi moja linatosha. Ukichagua `QUORUM`, inahitajika akidi, ambayo kwa nakala tatu ni mbili. Nodi ambayo haikufikiwa italetewa andiko hilo baadaye, na ndipo nakala zote zitakapolingana. Ulinganifu wa hatimaye maana yake ni hiyo: maandiko mapya yakikoma, nakala zote zitafikia hali moja, lakini hakuna anayekuahidi ni lini.

Ninapenda muione hali hiyo kwa macho, kwa sababu maelezo peke yake hayatoshi. Kwanza, katika nodi ya kwanza na ya pili ninaendesha `nodetool disablehandoff`, ili zisimwekee mwenzao aliyezimwa kumbukumbu ya maandiko aliyoyakosa. Katika mazingira halisi usifanye hivyo. Hapa ninataka pengo libaki wazi tulitazame. Ninaizima nodi ya tatu, ninabadilisha safuwima ya maelezo ya kiti namba 14 kwa kiwango cha `QUORUM`, na andiko linakubaliwa kwa sababu nodi mbili zimejibu. Ninaiwasha tena nodi ya tatu, ninajiunga nayo moja kwa moja kwa `cqlsh`, kisha:

```
CONSISTENCY ONE
SELECT * FROM viti WHERE kiti = 14;
```

Inanipa maelezo ya zamani. Hakuna kosa lililotolewa, hakuna onyo. Ninabadilisha kiwango kuwa `QUORUM` na kuuliza tena, na sasa maelezo ni mapya, kwa kuwa mratibu amelazimika kuuliza nodi mbili, na katika mbili zozote moja lazima iwe imelipata andiko langu. Zaidi ya hapo, alipoona majibu hayalingani, aliirekebisha nodi iliyokuwa nyuma kabla ya kunijibu. Nikirudi kwenye `ONE`, nodi ya tatu sasa inasema sawasawa na wenzake.

Kanuni ni fupi: ukiandika kwa nodi W na kusoma kwa nodi R, kati ya nakala N, basi `W + R > N` hukuhakikishia kwamba msomaji atakutana na andiko la mwisho lililokamilika. Mbili na mbili ni nne, zinazidi tatu. Katika jaribio letu la kwanza tuliandika kwa mbili tukasoma kwa moja. Jumla ni tatu, haizidi tatu, na ndiyo maana tulipata maelezo ya zamani.

Wengi huishia hapo na kusema kwamba Cassandra yenye akidi pande zote mbili ni sawa na hifadhidata ya kihusiano. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, na nitatumia muda kidogo kueleza kwa nini, kwa sababu niliwahi kuutunza mfumo uliojengwa juu ya dhana hiyo, na watu wawili wakafika na uthibitisho halali wa nafasi ileile.

Turudi kwa Asha na Juma. Seva ya Asha inasoma kwa `QUORUM`, inakuta kiti ni kitupu. Seva ya Juma nayo inasoma kwa `QUORUM`, inakuta kiti ni kitupu, na kweli wakati huo ni kitupu. Kisha kila moja inaandika jina la mteja wake kwa `QUORUM`. Maandiko yote mawili yanakubaliwa. Hakuna kufuli, hakuna wa kusubiri, na hakuna jibu linalofanana na `UPDATE 0`. Akidi imetuhakikishia kusoma kilicho kipya, lakini haikumzuia mtu yeyote kuandika kati ya kusoma kwako na kuandika kwako.

Ni nani basi anayebaki na kiti? Kila andiko katika Cassandra hubeba muhuri wa saa uliohesabiwa kwa maikrosekunde, na nakala zinapokinzana, lenye muhuri mkubwa ndilo linalobaki. Muhuri huo mara nyingi huwekwa na programu ya mteja yenyewe, kwa saa ya mashine yake. Tuseme saa ya seva ya Juma imechelewa kwa sekunde mbili. Asha anaandika saa 10:00:05. Juma anaandika sekunde moja baada yake, lakini saa yake inasoma 10:00:04. Andiko la Juma linapokewa, anaambiwa limefaulu, na halitaonekana kamwe, kwa sababu muhuri wake ni wa zamani tangu lilipoingia. Mihuri ikilingana hadi maikrosekunde ya mwisho, Cassandra hulinganisha thamani zenyewe na kuichukua iliyo kubwa, na hapo Juma angeshinda kwa kuwa jina lake linakuja baada ya Asha katika alfabeti. Sisemi hivi ili kuikejeli. Kanuni hiyo inazifanya nakala zote zifikie jibu moja bila kushauriana. Lakini jibu moja si lazima liwe jibu la haki.

Namna ya kuligundua tatizo hili ni kuchukua kumbukumbu za programu, mahali inapoandikwa kwamba ukataji umefaulu, na kuzilinganisha na jedwali. Uthibitisho wowote ambao jina lake halimo kwenye jedwali ni andiko lililomezwa. Unaweza pia kuuliza `SELECT WRITETIME(mteja)` na kuona muhuri wa andiko lililobaki.

Cassandra ina tiba yake, nayo ni sharti ndani ya andiko lenyewe:

```
UPDATE viti SET mteja = 'Juma'
WHERE kiti = 14 IF mteja = null;
```

Sasa nodi zinapatana kwanza kwa itifaki ya Paxos kabla ya kuandika. Aliyetangulia hupata `[applied]` yenye `True`. Aliyechelewa hupata `False` pamoja na jina la mwenye kiti. Ni sawa kabisa na alichoambiwa Juma kule PostgreSQL. Gharama yake ni safari za ziada kati ya nodi kwa kila andiko, na wagombeaji wakiwa wengi juu ya safu moja, baadhi yao watapata kosa la muda kuisha. Jambo moja msilisahau: safuwima inayolindwa kwa `IF` iandikwe kwa `IF` kila mara. Andiko moja la kawaida likipenya pembeni, ulinzi wote unavunjika.

Nisiipendelee PostgreSQL. Ukiiongezea nakala ya kusomea, kwa mpangilio wa kawaida nakala hiyo hufuata seva kuu bila kusubiriwa. Asha atakata kiti kwenye seva kuu, ukurasa wake utasomwa kutoka kwenye nakala, na ataona kiti bado kitupu. Huo ni ulinganifu wa hatimaye ndani ya hifadhidata ya kihusiano, na watu wengi wanao bila kujua. Tazameni safuwima ya `replay_lag` katika `pg_stat_replication` mjue nakala yenu iko nyuma kiasi gani. Mnaweza kuiteua nakala hiyo katika `synchronous_standby_names` na kuweka `synchronous_commit` kuwa `remote_apply`, lakini hapo kila `COMMIT` itaisubiri, na isipopatikana, maandiko yatasimama.

Uamuzi wangu, kwa kazi hii ya viti, ni PostgreSQL, na usomaji wa baada ya kukata urudi kwenye seva kuu. Cassandra ningeipa historia ya matukio, kama vile nani alifungua ukurasa gani na lini, kwa sababu maandiko hayo yanaongezwa tu na hayagombaniwi, na nodi moja ikianguka yanaendelea kupokelewa.

Mkiamua kutumia `IF` katika Cassandra, mjiandae kwa jibu la tatu. Muda ukiisha katikati ya makubaliano, hamtajua kama andiko limefaulu au la. Msilirudie kwa pupa: wekeni `CONSISTENCY SERIAL`, someni kiti namba 14 kina jina la nani, kisha ndipo mumjibu mteja. PostgreSQL nayo ina kona hiyohiyo, muunganisho unapokatika baada ya kutuma `COMMIT` na kabla ya kupata jibu. Huko pia dawa ni kusoma kwanza.