Masika Jambiani, Unguja: kufunga gesti au kubaki wazi?

Chukua gesti ya vyumba 6. Aprili ikifungwa, bado utalipa mlinzi na mtu wa kufungua madirisha, maana magodoro huota ukungu upesi.

Ukibaki wazi, una usiku 180 wa kuuza, yaani vyumba 6 mara siku 30. Bei ya chumba kwa usiku ishushe kutoka shilingi 120,000 hadi 60,000. Toa 25,000 za chai ya asubuhi, dobi, umeme na kamisheni. Inabaki 35,000 kwa kila usiku. Mpishi na wahudumu wakiongeza gharama ya 1,500,000, unahitaji usiku 43, karibu asilimia 24. Ukiuza 36 tu, umepata hasara ya 240,000 kuliko ungefunga.

Mimi ningefunga Aprili na Mei, ila mpishi mzuri ningemlipa nusu mshahara asihamie kwa jirani.