Gari linavaa 31x10.50R15 na dukani hakuna: tairi gani la milimita linafaa badala yake?

Saizi ya 31x10.50R15 iko kwenye Hilux Surf nyingi na baadhi ya Land Cruiser 80 zilizotoka Japani, na kila siku inazidi kuwa adimu madukani. Muuzaji hukupa lililopo, mara 265, mara 235, akakuhakikishia kwamba ni lilelile. Kabla ya kutoa pesa, piga hesabu mwenyewe. Simu yenye kikokotoo inatosha.

Kwenye maandishi ya inchi, namba ya kwanza ni kimo cha tairi zima likiwa na upepo bila mzigo: inchi 31. Baada ya alama ya x unakuja upana wa tairi, kutoka ubavu huu hadi ule: inchi 10.50. Herufi R inaonyesha kwamba ni radiali. Ukikuta kistari mahali pake, hilo ni tairi la nyuzi za mshazari, la aina inayofungwa zaidi kwenye trela na mitambo ya shamba. Namba ya mwisho, 15, ni kipenyo cha rimu. LT inayofuata inamaanisha tairi la gari la mizigo midogo.

Maandishi ya milimita hayataji kimo. 265/75R15 ni upana wa milimita 265, ubavu wenye urefu wa asilimia 75 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Kimo unakitafuta mwenyewe.

Anza na lile la inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kimo ni 31 × 25.4 = 787.4, na upana ni 10.50 × 25.4 = 266.7. Toa rimu kwenye kimo, 31 − 15, zinabaki inchi 16. Gawa kwa mbili, kila ubavu una inchi 8, yaani milimita 203.2. Gawa 203.2 kwa 266.7 upate 0.76. Saizi ya milimita iliyo jirani kabisa ni 265/75R15.

Sasa lihakiki kwa kurudi nyuma: 265 × 0.75 = 198.75 kwa ubavu mmoja, mara mbili ni 397.5, ongeza rimu ya inchi 15, yaani 381, jumla 778.5. Limepungua milimita 9 tu. Isitoshe, tairi lililoandikwa 31 mara nyingi halifiki inchi 31 ukilipima. Si ajabu kukuta 30.5, ambazo ni milimita 775. Tofauti ya karatasini inaweza kuwa haipo kabisa barabarani.

Kwa mwenye rimu za 15, hivi ndivyo tunavyoyapanga.

La kwanza ni 31x10.50R15LT lenyewe, likipatikana jipya. Angalia namba ya uzito baada ya saizi: 109 ni kilo 1030 kwa tairi moja. Angalia pia tarehe, tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Saizi isiyonunuliwa sana hukaa stoo muda mrefu, na raba huzeeka hata bila kutembea. Likishapita miaka mitano tangu kutengenezwa, tafuta jingine hata kama kashata zake zinang'aa.

La pili ni 265/75R15. Linaingia kwenye rimu ileile yenye upana wa inchi 7 hadi 8, na spidi mita haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kasoro yake moja: mengi ya saizi hii hayana LT, na ubavu wake ni mwepesi. Kwa lami na vumbi la kawaida hakuna shida. Kwa mawe makali na mzigo wa kila siku, tafuta lenye LT hata kama ni ghali zaidi.

La tatu ni 265/70R16 pamoja na rimu mpya za inchi 16. Kimo chake ni milimita 777.4, karibu sawa kabisa na hilo la pili, na saizi hii inauzwa karibu kila mahali. Gharama iko kwenye rimu, na unahitaji tano, kwa sababu akiba nayo lazima ilingane. Hakikisha matundu sita ya nati yanakaa sawasawa na kina cha rimu ni kama cha zamani; rimu iliyochomoza nje inaongeza mzigo kwenye beringi za magurudumu na kuchafua ubavu wa gari kwa tope. Kwa gari ambalo utakaa nalo miaka mingi, sisi tungechagua njia hii.

La mwisho ni 235/75R15, na ndilo muuzaji anapenda kukupa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kimo chake ni 733.5, pungufu kwa karibu asilimia 7. Spidi mita ikisoma 100 unakwenda kama 93, gari linashuka milimita 27, na rimu yenye upana wa zaidi ya inchi 8 haliifai. Likiwa lazima, badilisha yote. Ukifunga mawili nyuma na kuacha 31 mbele, ndani ya kilomita moja ya nyuma yatazunguka takriban mara 434 na ya mbele mara 404. Ukiweka foo-wili kwenye lami, tofauti hiyo ya mizunguko 30 haina pa kwenda: usukani unakuwa mzito, gia ya foo-wili inagoma kutoka, na gea boksi ndogo inaumia.

33x12.50R15 tumeliacha nje ya orodha. Rimu ni ya 15, ndiyo, lakini linataka rimu pana ya kuanzia inchi 8.5, na ukikata kona litasugua madigadi.

Kwenye trela za shamba kuna mtego mbaya zaidi. Mtu ana trela yenye 31x13.50-15, anaona 10.0/75-15.3 na kudhani 15 na 15.3 ni kitu kimoja. Kwanza, hilo la pili halina x: 10.0 ni upana kwa inchi, si kimo, na 75 ni asilimia ya ubavu. Pili, rimu ya 15.3 imezidi ya 15 kwa milimita 7.6. Tairi la 15.3 kwenye rimu ya 15 linalegea, linavuja, na kwenye kona linachomoka. Tairi la 15 kwenye rimu ya 15.3 ndilo la hatari: mdomo wake haukai, fundi anaongeza upepo ili uruke mahali pake, waya wa mdomo unakatika na tairi linapasuka usoni mwake. Kimo na upana vinaweza kutofautiana kidogo. Namba ya rimu lazima iwe ileile hadi nukta. Na usiisome kwenye tairi lililofungwa tayari, kwa sababu huenda aliyetangulia alikosea: futa tope kwenye rimu yenyewe na usome namba iliyogongwa kwenye chuma.