"It is believed that" au "He is believed to": ipi ukiandika habari?

Chukua habari moja: polisi wanaamini mtuhumiwa alitoroka Jumatatu. Kwa Kiingereza una njia mbili:

"It is believed that the suspect fled on Monday."
"The suspect is believed to have fled on Monday."

Maana ni ileile. Ya kwanza ni rahisi zaidi kuipatia, maana baada ya "that" unaandika sentensi ya kawaida tu na wakati wake, ila mtuhumiwa, ambaye ndo habari yenyewe, anachelewa kutokea. Ya pili inamweka mbele, ndo maana mi naipendelea kwenye sentensi ya kufungulia habari.

Sasa shida ya hiyo ya pili iko kwenye wakati, na hapa wengi wanateleza, wanaandika "is believed to flee on Monday" wakati mtu alishatoroka. Imani ni ya sasa so "is" inabaki, ila tukio limepita, kwa hiyo lazima iwe "to have fled". Kama bado kajificha mpaka sasa hivi, andika "is believed to be hiding". Na ukibadilisha ikawa "was believed to be hiding", msomaji anaelewa imani yenyewe ni ya zamani, pengine ameshapatikana, hiyo ni habari nyingine kabisa!

Halafu sio kila kitenzi kinakubali ya pili. "Say", "think", "report" na "allege" poa, lakini "suggest" hapana, hapo rudi kwa "It has been suggested that he fled".

Na zote mbili zinaficha nani anaamini, so kama ni polisi, wataje bana.