Uzoefu wangu na ghala la forodha: ushuru wa polepole, hesabu ya haraka

Nimelitumia ghala la forodha kwa bidhaa zinazouzika taratibu, na nitaendelea kulitumia kwa bidhaa hizo tu. Mzigo unaingia chini ya dhamana, ushuru unasubiri, nawe unalipia kile unachotoa.

Shehena yangu ilikuwa katoni 1,200, ushuru wa kila moja 5,000. Ningeitoa yote bandarini, milioni 6 zingeondoka siku hiyohiyo. Niliitoa katoni 200 kila mwezi, yaani milioni 1 kwa awamu. Awamu ya kwanza nililipa papo hapo, ya pili ikakaa kwangu mwezi mmoja, ya tatu miezi miwili, mpaka ya sita iliyokaa mitano. Benki ilikuwa inanikopesha kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo riba niliyoepuka ni 225,000.

Sasa gharama. Ghala lilitoza 40 kwa katoni kwa mwezi, jumla 120,000. Wakala alitoza 10,000 kwa kila tamko la kutoa mzigo, na matamko matano ya ziada yakala 50,000. Nikabaki na 55,000. Si nyingi, lakini zile milioni 5 ambazo hazikwenda forodhani mwanzoni ziliniwezesha kuagiza mzigo mwingine bila kuongeza mkopo, na hiyo ndiyo faida niliyoitaka.

Kama ushuru ungekuwa 2,000 kwa katoni, riba ya kuepuka ingeshuka hadi 90,000 huku gharama zikibaki 170,000. Hapo ni hasara tupu. Ndiyo maana bidhaa kubwa kwa umbo na ndogo kwa ushuru siziweki humo. Vilevile, kutoa katoni chache kila wiki kungemaliza faida yote kwa ada za wakala.

Anayeuza tena nje ya nchi ndiye anayenufaika zaidi: mzigo ukitoka ghalani kwenda mpakani, ushuru haulipwi kabisa. Njia nyingine ni marejesho ya ushuru, ambapo unalipa kwanza, unasafirisha, kisha unadai. Inamfaa mwenye kiwanda anayeingiza malighafi na kuuza nje bidhaa iliyotengenezwa nayo, lakini fedha yake imefungwa mpaka dai lipite. Dai hukwama pale hati ya kuingiza na ya kusafirisha zinapotofautiana kwa maelezo au idadi, kwa hiyo tunza kumbukumbu za matumizi ya malighafi tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili: muda wa mwisho wa kuhifadhi, na kiwango kipi cha ushuru kitatumika. Katika nchi nyingi ni kile cha siku ya kutoa mzigo, si cha siku ulipoingia. Kiwango kikipanda katikati, unalipa kipya. Katoni ikipotea ghalani, ushuru wake bado unadaiwa, hivyo hesabu mzigo wako mwenyewe unapoingia na kila unapotoa.